Marafiki wamepitia profaili yangu ya Tinder, kila mmoja na lake. Nimsikilize nani?

BintiMbezi: Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, nipo Dar, nina binti wa miaka saba. Natafuta mume, si wa kupita. Wanaonichagua wapo, ila wengi wakishaandika "mambo" wanaishia hapo. Nikawaomba marafiki wanikosoe bila kunionea haya. Shosti wangu anasema nifute habari ya mtoto, nitaisema tukishazoeana. Binamu anataka niweke picha ya gauni la kubana nililovaa harusini. Mwenzangu wa kazini, mwanaume, anasema picha ya kwanza tupo watatu na hajui mimi ni yupi. Maelezo yangu: "Mcheshi, mcha Mungu, napenda muziki na kusafiri. Nina binti."

Ngosha_77: Nafasi za picha ni tisa, zijaze zote. Na hiyo ya watatu itoe.

Mzee wa Pwani: Ya watatu isikae mwanzo, hapo nakubali. Kujaza tisa hapana: picha moja yenye giza inaharibu nne nzuri.

Dada, tenganisha walichokiona na dawa waliyokupa. Wa kazini kakwambia alichokiona, na wageni wote wanakiona hicho hicho, kwa hiyo rekebisha leo. Binamu kakupa dawa tu, basi muulize kwa nini. Huenda picha zako zote ni za uso na hakuna ya mwili mzima. Ukiweka ya kitenge umesimama, umetatua alichokiona bila gauni. Shosti anataka wakuchague wengi, wewe unataka mume. Asiyetaka mwanamke mwenye mtoto ni heri apite mapema. Huo ushauri uache.

Kapera_Dodoma: Mimi hata "mambo" siipati. Au akaunti yangu imefungiwa?

Mzee wa Pwani: Mdogo wangu, fungua uzi wako uweke na maelezo yako tuyaone.

MamaWawili: Shosti msimkatae moja kwa moja. Kuna wanaume wanatafuta wenye watoto kwa nia mbaya. Taja kwamba ni mama, basi; umri, jinsia na picha ya mtoto visionekane.

BintiMbezi: Asanteni. Picha yake ilikuwepo, nimeshaitoa. Na binamu kumbe alimaanisha hivyo hivyo, zote zilikuwa za uso! Maelezo sasa: "Mama. Jumamosi asubuhi nipo Feri nachagua samaki, jioni nakaanga. Natafuta ndoa."

Mzee wa Pwani: Hapo mtu ana pa kuanzia. Mwonyeshe mwanaume asiyekufahamu vizuri, usimuulize kama ni nzuri. Muulize, "Ungeanza kuniandikia nini?" Akikwama, bado. Na usibadilishe tena kila kitu kwa mkupuo, hutajua kilichosaidia.

BintiMbezi: Nimemuuliza kaka wa jirani. Kasema angeuliza changu au nguru. Ila "natafuta ndoa" imemtisha, anasema niiweke baadaye. Hiyo nayo ni alichokiona au ni dawa?

MamaWawili: Yeye mwenyewe anatafuta ndoa?

BintiMbezi: Hapana, ana mchumba.