Wajukuu wa Majengo: insha ya Zuhura

Shangazi Mwanaisha 18:52
Assalamu aleikum wote. Zuhura ametuma hapo juu insha yake ya kuombea shahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Chuo cha Uingereza kinafunga maombi Ijumaa saa sita usiku. Someni mseme neno. KILA MTU. Tiki za buluu naziona, msijifanye mmelala.

Zuhura 18:54
Ya kutuma ni ya Kiingereza. Hii nimeiweka kwa Kiswahili ili Bibi naye asomewe.

Mjomba Rama 19:10
Waaleikum salaam. Nimefika nusu. Nzuri sana mashallah. Ila picha ya pasipoti siioni.

Shangazi Mwanaisha 19:11
Rama, hatuandikishi askari hapa.

Salim 19:11
😂😂

Kaka Idi 19:26
Nimeisoma yote mara mbili. Zuhura, aya ya kwanza itoe. Ile ya kusikiliza redio na marehemu Babu. Anayesoma maombi ya uandishi wa habari hukutana na hiyo redio kila faili anayofungua.

Shangazi Mwanaisha 19:27
Babu atolewe?! Idi una adabu wewe?

Kaka Idi 19:29
Babu tunamheshimu, Shangazi. Lakini amepewa maneno 800 na Babu peke yake amekula 90.

Zuhura 19:30
Nianze na nini basi?

Kaka Idi 19:34
Anza na kisima. Umekiweka aya ya nne, tena umekisimulia upya: kilichimbwa lini, wakazi wanalalamika vipi, mwakilishi wadi alijibu nini. Hayo yote yamo kwenye makala, na makala utaiambatisha. Wakitaka kisima watasoma makala. Kwenye insha wanataka kujua wewe ulijuaje. Makala haisemi hilo. Ulinieleza mwenyewe siku ya arobaini, habari ya zile tarehe mbili.

Zuhura 19:36
Cheti cha kukamilika kwa kazi kilitiwa saini Machi. Fomu ya kuombea mita ya stima imeandikwa Juni. Na pampu ni ya stima.

Kaka Idi 19:37
Ndiyo hiyo. Mtu aliweka saini kwamba pampu inafanya kazi, na stima haijaombwa. Anzia hapo, bila utangulizi.

Mjomba Rama 19:41
Hapo mtaaibika. Mimi nimefanya kazi ya visima. Kisima kikishachimbwa hujaribiwa kwa jenereta, mchana kutwa usiku kucha, mnaangalia maji yanashuka kiasi gani. Hamngoji mita ya mtu. Kwa hiyo Machi inawezekana kabisa.

Salim 19:42
Mjomba ametoa kadi nyekundu

Zuhura 19:47
Mjomba, hilo nililifikiria. Ulivyosema ni kweli, lakini lile jaribio hufanywa na pampu ya mkandarasi ya muda, kupima kisima kinatoa maji kiasi gani. Cheti hakizungumzii jaribio. Kina orodha ya kazi zilizomalizika na kulipwa, na mojawapo ni "kuunganisha na stima". Nilimpigia mkandarasi nikamuuliza kama alimaanisha jenereta. Akasema nimuulize aliyetia saini.

Mjomba Rama 19:49
Aa. Kama imeandikwa kuunganisha na stima, hapo kuna mtu amekula.

Kaka Idi 19:53
Zuhura, mbona hayo hayamo kwenye insha? Rama ameuliza swali ambalo mhariri yeyote mkali angeuliza, na wewe ulishaliuliza kabla hujachapisha. Sentensi tatu tu: kwamba jenereta ingeweza kueleza tofauti ya tarehe, ulivyolichunguza hilo, ulichokikuta. Hapo msomaji anakuona ukifanya kazi. Sasa hivi umemwandikia "nina ujuzi wa kuhakiki taarifa". Kila mwombaji anao, kwa maneno hayohayo.

Shangazi Mwanaisha 19:55
Umesikia Zuhura? Andika. Wengine mko wapi? Mwanahawa? Mama Sudi? Athumani?

Mjomba Rama 19:56
Kisima cha Machakos pia kingeandikwa gazetini, kama watu wangetaka ukweli ujulikane.

Shangazi Mwanaisha 19:56
Rama.

Mjomba Rama 19:57
Nasema tu. Fedha zilichangwa na ukoo mzima, bomba sijaliona mpaka leo.

Shangazi Mwanaisha 19:57
Rama! Leo ni ya Zuhura.

Salim 19:58
Mwandishi tunaye, cheti cha kukamilika ndiyo hatuna 🤣

Mwanahawa 20:04
Samahani nilikuwa kwenye matatu. Nimefungua kiungo cha makala. Imeandikwa "Na Mwandishi Wetu". Watajuaje ni Zuhura?

Zuhura 20:06
Mhariri aliondoa jina langu saa ya mwisho, akasema ni kwa usalama wangu. Ya ufuatiliaji ilipotoka ikawa na jina la mtu mwingine. Usalama wake yeye sijui ulikuwaje.

Shangazi Mwanaisha 20:07
Liandike hilo! Wajue ulivyodhulumiwa!

Kaka Idi 20:12
Hapana. Akilalamika kwenye insha, msomaji ataanza kumpima mhariri badala ya kumpima Zuhura. Sentensi moja inatosha: "Makala ilichapishwa bila jina langu kwa uamuzi wa chumba cha habari, na barua ya mhariri wa zamu imeambatishwa." Halafu aendelee.

Zuhura 20:13
Mhariri wa zamu nilimwandikia juzi. Hajajibu.

Kaka Idi 20:17
Mpigie kesho asubuhi kabla ya kikao chao. Asipotoa barua, unayo ile barua pepe uliyotuma rasimu, ina tarehe, na malipo yaliingia kwa jina lako. Hizo ziweke tayari kama wataziuliza. Na ihifadhi ile makala kwa PDF leo hii, pamoja na nakala kwenye web.archive.org. Magazeti yakibadilisha tovuti viungo vinakufa, na kiungo kilichokufa hakimsaidii mtu.

Salim 20:20
Swali la maana sasa. Zuhura umefikisha saa 2,800 za kazi? Bila hizo chuo hakikugusi. Jamaa yangu alikataliwa.

Zuhura 20:22
Hizo ni za Chevening, Salim. Wale ni wafadhili, chuo hakidai hivyo.

Kaka Idi 20:23
Na kwa Chevening hata kazi ya kujitegemea na ya kujitolea huhesabika. Lakini ile ni fomu nyingine na insha nyingine. Asizichanganye.

Salim 20:24
Sawa profesa 🙌

Shangazi Mwanaisha 20:27
Mimi nina langu. Aya ya tano amesema "wiki tatu baada ya makala kuchapishwa, mkandarasi alirudi kufunga mita". Mbona unyonge huo? Aseme: "Makala yangu iliwaletea wananchi maji."

Kaka Idi 20:31
Aliyoandika ndiyo sahihi. Wiki hiyohiyo wakazi walifunga barabara kwa mitungi, na Zuhura mwenyewe aliripoti. Nani alimrudisha mkandarasi, gazeti au mitungi? Akidai sifa yote, na kiambatisho cha pili kinaonyesha maandamano, atakuwa amejipinga kwa mkono wake. Aweke yote mawili, wiki tatu na maandamano.

Shangazi Mwanaisha 20:33
Wewe unampunguzia mtoto nyota.

Mama Sudi 20:35
Hongera Zuhura. Harusi lini?

Zuhura 20:36
😅 Asante shangazi

Mwanahawa 21:02
Bibi anataka kusema. Namwandikia kama anavyotamka.

Mwanahawa 21:09
"Wanangu, mimi ni Bibi. Mwanahawa amenisomea polepole. Zuhura, pale pa yule mama aliyekupa karatasi. Umesema ni karani wa makamo, mjane, anakaa karibu na ofisi, alikuletea jioni akitetemeka. Mimi nimemjua kabla Mwanahawa hajamaliza mstari. Kama mimi niliyekaa hapa Majengo bila miwani nimemjua, wakubwa zake watamjua haraka zaidi. Yule mama alikaa barazani kwangu, nikamwambia hakuna atakayemtaja. Lile lilikuwa neno langu. Mtoe."

Shangazi Mwanaisha 21:31
Bibi amesema.

Mjomba Rama 21:33
Ni kweli.

Zuhura 21:38
Bibi shikamoo. Jina sijalitaja mahali popote. Na insha itasomwa Uingereza, si hapa wadini. Ile aya ndiyo inayoonyesha watu wananiamini.

Mwanahawa 21:41
Bibi anasema marahaba. Anasema pia Uingereza kuna Wakenya.

Kaka Idi 21:46
Bibi amemaliza, lakini niongeze la kikazi. Zuhura, anayesoma maombi amefundisha waandishi miaka mingi. Akiona umemchora mtoa habari mpaka ujane wake, hatasema "huyu anaaminika". Atasema huyu hajui kulinda chanzo. Andika "nilipata nakala ya cheti", nukta. Nafasi iliyobaki eleza ulivyohakikisha si cha kughushi.

Zuhura 21:48
Nililinganisha namba ya mradi na ile ya tangazo la zabuni, na saini na ile iliyo kwenye ubao wa mradi. Zililingana.

Kaka Idi 21:49
Hiyo ina uzito kuliko machozi ya karani.

Salim 21:52
Au aseme alikipata kwa ile sheria ya kupata habari. Ya 2016. Safi, hakuna mtu wa kushuku.

Zuhura 21:54
Ombi niliandika kweli. Siku 21 za kisheria zikapita bila jibu.

Kaka Idi 21:57
Basi hakukipata huko, na haandiki kwamba alikipata huko. Aandike alichofanya: aliomba, siku 21 zikapita, akaendelea na njia nyingine. Hata kimya cha ofisi ni sehemu ya ripoti.

Zuhura 22:03
Na nikiulizwa kwenye mahojiano nilikipataje?

Kaka Idi 22:04
"Siwezi kumtaja." Wanalijua jibu hilo.

Shangazi Mwanaisha 22:06
Sawa. Zuhura alete mpya kesho saa mbili usiku. Idi aisome. Rama aangalie mambo ya visima. Salim anyamaze.

Salim 22:06
Nimeonewa

Kaka Idi 22:15
Kesho niko zamu ya usiku, nitasoma alfajiri. La mwisho: "nataka kuwa sauti ya wasio na sauti". Wale wa mitungi walifunga barabara, sauti wanazo. Sema ulipokwama.

Zuhura 22:21
Nilikwama kwenye orodha ya miradi ya wadi zote 85. Ni kurasa zilizopigwa picha, huwezi kutafuta neno wala kujumlisha. Nilitaka kujua ni visima vingapi vingine vina cheti kabla ya mita. Nikafanya kimoja.

Kaka Idi 22:23
Hiyo ndiyo sababu ya kwenda kusoma. Taja somo la takwimu la kozi yao kwa jina lake, useme utaanza na orodha hiyo.

Shangazi Mwanaisha 22:25
Mimi bado nasema "iliwaletea maji" ni bora.

Athumani 23:48
Ndio naona sasa. Tunachanga shilingi ngapi?

Zuhura 23:55
Hakuna mchango, kaka. Mhariri amejibu. Anasema barua atatoa, lakini anataka kwanza kuona nimeandika nini kumhusu.

Kaka Idi 00:40
Usimtumie chochote mpaka tuongee.