Mafundi mnaouza pampu kila paa la SLK linapogoma, acheni kula hela zetu

Komeo la Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, hili jambo limefika kooni. Mtu ana Mercedes SLK ya toleo la kwanza, ile ya 1996 hadi 2004. Paa la chuma limegoma kukunjika, anapeleka gereji. Fundi anabonyeza swichi mara mbili, anafungua buti, anasema "pampu imekufa". Pampu inaagizwa kwa bei ya kuuza shamba, inafungwa, na paa liko vilevile. Ukidai hela yako unaambiwa sasa ni kompyuta. Huu ni wizi, tena wa mchana.

Pampu ya haidroli kwenye gari hili ni moja, imo ndani ya buti, na inasukuma silinda zote tano. Yenyewe haiamui kitu. Anayeamua ni kompyuta ya paa, na hiyo inajua tu kile inacholetewa na swichi ndogo zilizojificha kwenye makomeo na bawaba. Ukishika kitufe cha kufungua, kabla ya chochote inataka kujua: gari limesimama? Buti limefungwa sawasawa? Pazia la buti, lile linalotenga mizigo na sehemu ya kulala paa, limevutwa na kunasa? Kimoja kikikosekana, pampu hainyimwi nguvu kidogo, inanyimwa umeme wote. Hata ufunge pampu mpya kabisa, itakaa kimya.

Masharti yakitimia, vioo vya milango vinashuka, komeo lililo juu ya kioo cha mbele linaachia, mfuniko wa buti unainukia upande wa nyuma, paa linajikunja na kulala ndani, mfuniko unarudi kufunga. Hakuna hatua inayoanza mpaka swichi ya hatua iliyotangulia itoe taarifa kwamba imekamilika. Mfuniko unaweza kuwa umeinuka wote na sisi sote tunauona, lakini swichi yake isipotoa taarifa, kwa kompyuta bado uko njiani. Ikiliruhusu paa lije, litagongana na mfuniko. Kwa hiyo inasubiri kidogo, kisha inakata.

Sasa fundi anayejua kazi anaanza na masikio. Pampu kimya kabisa: tafuta sharti lisilotimia, fyuzi, relei au umeme. Pampu inanguruma, hatua moja au mbili zinafanyika, kisha inanyamaza: pampu ni nzima, tafuta swichi ya hatua ya mwisho iliyofanyika. Pampu inanguruma na hakuna kinachosogea, au paa linapanda kwa kujivuta: hapo ndipo angalau tuzungumze habari za oili na pampu. Kusikiliza ni bure. Kwa nini hamsikilizi?

Mtoto wa Gerezani

Mkuu umeongea, lakini unakuza mambo. Tisa kwa kumi ni swichi ya pazia la buti. Unakata waya zake mbili, unaziunganisha, kompyuta inaamini pazia limefungwa siku zote. Dakika tano, kazi imekwisha.

Fundi Waya

Kijana, nusu ya maneno yako ni kweli. Ile swichi husumbua, na kuunganisha waya kwa muda ni njia nzuri ya kuthibitisha kosa. Ukiziacha hivyo moja kwa moja, umeondoa kitu pekee kinachoijulisha kompyuta kwamba kuna begi pale paa linapolala. Paa litashuka juu ya begi kwa nguvu yote ya haidroli, na kinachokwenda ni kioo cha nyuma au fremu yenyewe. Thibitisha, kisha nunua swichi.

Niongezee kisa ambacho mafundi wengi hukikosea. Mfuniko wa buti umeinuka, pampu imenyamaza, paa halijaanza. Fundi anapima swichi ya mfuniko kwa multimita, inaonyesha ni nzima, anarudi kulaumu kompyuta. Amepima swichi, hajapima njia. Waya za kwenye mfuniko hupita kwenye bawaba, na zinakunjwa kila buti linapofunguliwa. Baada ya miaka shaba inakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Angalia kama taa ya breki ya tatu, ambayo nayo iko kwenye mfuniko, inazimika ovyo. Kama ndiyo, bawaba ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Chomoa soketi upande wa kompyuta, weka multimita kwenye mlio, ncha moja kule na nyingine kwenye swichi, kisha mwenzako ausogeze mfuniko taratibu huku unachezesha waya. Mlio ukikatika katikati ya safari, umeupata. Usiunge kwa kusokota na utepe. Kata kipande kirefu, weka waya laini wa nyuzi nyingi, na viungo vikae mbali na mkunjo, la sivyo mwakani unarudi palepale.

Na tahadhari: paa likikwama katikati, linashikiliwa na presha tu. Presha ikiachia linashuka. Usiingize mkono wala kichwa kabla ya kuweka gogo au kitu kigumu cha kulizuia.

Bi Shangazi wa Upanga

Samahanini wanangu, na langu je? Ni dogo la Kijapani, juu lina komeo la kufungua kwa mkono. Nikibonyeza linapiga mlio tu, halitikisiki. Nimeambiwa pampu, milioni na ushee.

Fundi Waya

Shikamoo shangazi. Uzi huu ni wa SLK, ila kanuni ni hiyohiyo. Mlio maana yake kompyuta imekusikia na imekataa. Komeo la mkono lina swichi yake, hivyo lifungue mpaka mwisho, lisiishie nusu. Hakikisha buti limejifunga, gia iko panapotakiwa, kisha jaribu injini ikiwa inawaka. Betri ikiwa volti 12.2 imetulia, imejaa nusu tu. Injini ikiwaka unapata kama 14, na hapo utajua kama umeme ndio tatizo. Usilipe mtu kabla ya hayo.

Bi Shangazi wa Upanga

Marahaba baba. Komeo kweli nilikuwa nalifungua nusu. Nitajaribu jioni.

Dereva wa Mtoni

Mimi langu linajivuta tu. Jamaa kaniongezea oili ya breki, anasema oili ni oili.

Komeo la Juu

Ndiyo hayo ninayoyapigia kelele! Oili ya breki inaharibu sili za silinda ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Usiliguse paa hilo tena. Mfumo wote umwagwe, usafishwe, uwekwe oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tena kiwango chake hupanda na kushuka kulingana na silinda zilipo, kwa hiyo paa liwe katika mkao uliotajwa kitabuni ndipo upime. Na oili ikipungua imevujia mahali. Papasa kwanza dari juu ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, maana silinda ya komeo la mbele iko pale na ikivuja inadondoka kichwani kwa dereva.

Mtoto wa Gerezani

Fundi Waya, swichi nitabadilisha. Ila nieleze hili: asubuhi paa zima, saa nane mchana juani linaishia mfuniko ukiwa juu. Pampu inajikata kwa joto?

Fundi Waya

Pampu hujilinda kwa joto ukilifungua na kulifunga mfululizo, lakini mara ya kwanza mchana sidhani. Huenda waya unaachana chuma kikipata moto, huenda swichi iko ukingoni na mfuniko hauigusi vizuri.

Komeo la Juu

Mimi naona ni sili. Oili ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, inapita pembeni, mfuniko haufiki mwisho.

Fundi Waya

Inawezekana. Mfuniko ukikwama juani, usukume juu kwa mkono taratibu, mtu mwingine akiwa ameshika kitufe. Paa likiendelea, haukuwa umefika. Lisipoendelea, rudi kwenye waya. Tuletee jibu hapa.