Dripu za vitamini kwa mtu asiyeumwa: ziachwe huru, zidhibitiwe au zifungwe?

Mama Rahma, Mikocheni
Saluni ninayosukia nywele imefungua chumba cha dripu. Wanakutundikia maji ya nusu lita yenye vitamini C gramu 10, mchanganyiko wa vitamini B na magneziamu, kwa shilingi laki na nusu. Wanasema vidonge vinapotelea tumboni, dripu inaingia yote. Wadogo zangu wawili wanaenda kila mwezi. Je, ina faida gani kumzidi anayemeza kidonge? Na ni sawa kufanyika mahali pasipo na daktari?

Kaka Muuguzi
Mama Rahma, mimi ndiye ninayetundika hizo dripu, ingawa si kwenye saluni yako. Nina leseni, natumia sindano mpya kwa kila mteja. Hoja ya tumbo si uongo wa matangazo. Ukimeza vitamini C gramu moja na robo kwa mkupuo, haiingii hata nusu yake kwenye damu, inayobaki inatoka na choo. Kwenye mshipa inaingia yote. Mteja anakuja amechoka, akiondoka amechangamka, na hilo naliona kila siku. Halafu hizi ni vitamini zinazoyeyuka kwenye maji, zikizidi mtu anakojoa tu. Wanaotaka zifungwe waonyeshe zimemdhuru nani.

Tabibu wa Tanga
Kaka, kuhusu utumbo uko sahihi, lakini umeisoma nusu. Utumbo haushindwi kuipokea vitamini C, unaipima. Ukimeza miligramu 200 unachukua karibu yote. Ukiongeza, unapunguza kiasi unachopitisha kwa sababu mwili umetosheka: kwa kiwango hicho chembe nyeupe za damu zimeshajaa na hazina pa kuweka nyingine. Mapera mawili ya kawaida yanakufikisha hapo. Dripu inaruka kipimo hicho. Kiwango kwenye damu kinapanda mara nyingi kuliko kidonge kinavyoweza kukifikisha, figo zinaanza kukitoa saa hiyohiyo, na kesho yake mtu ambaye hakuwa na upungufu yuko alipokuwa jana.

Umeuliza zimemdhuru nani. Nilimpokea kijana wa miaka thelathini na kitu, mzima, mcheza mpira. Alitundikiwa vitamini C gramu 15 kwenye chumba cha urembo ili apate nguvu kabla ya harusi yake. Usiku mgongo ukaanza kumuuma. Asubuhi ya pili mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka sana, macho ya njano, anahema akipanda ngazi. Nyumbani wakasema malaria, wakamnunulia dawa mseto. Alipofika kwetu kipimo cha malaria hakikuona kitu, himoglobini ilikuwa 6, na figo zimeanza kulegea. Aliongezewa chupa mbili za damu na akalazwa zaidi ya wiki.

Kijana huyu ana upungufu wa G6PD. Ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisiunguzwe. Vitamini C kidogo inasaidia kuzilinda, lakini ikimwagwa nyingi kwenye mshipa inageuka na kuzalisha haidrojeni peroksaidi. Mwenye kimeng'enya cha kutosha anaihimili, asiyekuwa nacho chembe zake zinapasuka. Upungufu huu ni wa kurithi, unawapata zaidi wanaume, na umeenea zaidi kwenye ukanda wa malaria, pwani yetu ikiwemo. Wengi wanao na hawajui, kwa sababu bila kichocheo hawaumwi kitu. Kwa vidonge vya kawaida vya vitamini C ajali ya namna hii ni nadra mno. Hiyo ndiyo tofauti ya mdomo na mshipa ambayo tangazo halisemi.

Mzee Mshamu, Lindi
Wanangu, mnataka kufunga sindano za vitamini wakati mimi ndizo zinazoniweka hai? Nilikatwa sehemu kubwa ya tumbo mwaka 2016. Baada ya muda nikaanza kusikia ganzi miguuni, nikawa natembea kama mlevi, kumbukumbu zinakimbia. Hospitali wakagundua ni upungufu wa B12. Sasa nachomwa kila baada ya miezi mitatu na natembea mwenyewe hadi msikitini. Msiwakatishe watu tamaa na sindano.

Nuru Mfamasia
Shikamoo mzee. Sindano yako haimo kwenye ugomvi huu, wala usije ukaiacha. B12 ya chakula huhitaji kitu kinachotengenezwa na tumbo ili ipokelewe, na kwako sehemu hiyo imeondolewa. Wako wengine wa aina yako: anayetapika mimba hadi hashiki chakula akahitaji B1 ya mshipa, mwenye upungufu mkali wa chuma asiyestahimili vidonge. Wote hao wamepimwa au wana sababu inayoeleweka, na kipimo cha dawa kimepangwa kwa ajili yao.

Hata hivyo, hata kwenye B12 mdomo haujashindwa kama watu wanavyodhani. Ukimeza dozi kubwa, mikrogramu 1000 kwa siku, takriban asilimia moja hupenya yenyewe bila msaada wa tumbo, na hiyo mikrogramu 10 inazidi mahitaji ya siku. Nchi kadhaa zinawatibu wagonjwa wengi wa aina yako kwa vidonge. Ila mtu akishafika kwenye ganzi na kuyumba kama ulivyokuwa, sindano ndiyo inayoanza. Ongea na daktari wako, usibadilishe kwa maneno yangu.

Salma K.
Mbona hamgusi tunaoenda kwa ajili ya ngozi? Mimi naweka glutathaioni na vitamini C, rangi imenyooka, sijaumwa hata siku moja. Ni pesa yangu na mwili wangu. Pombe inauzwa kila kona na hakuna anayesema ifungwe.

Nuru Mfamasia
Dada Salma, haki ya kuamua juu ya mwili wako siipingi. Ninachouliza ni kama ulipewa habari za kuamulia. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambayo dripu hizi zilishamiri mapema, ilitoa onyo mwaka 2011: sindano ya glutathaioni imeidhinishwa kwa kusaidia wagonjwa wa saratani wanaotumia sisplatini, si kwa kung'arisha ngozi, na kuna hatari kwa figo na ini pamoja na mzio mkali wa ngozi. Je, chupa unayowekewa umewahi kuisoma lebo? Ina namba ya usajili wa TMDA? Dukani kwangu wamewahi kuniletea chupa za unga mweupe zenye picha ya msichana badala ya jina la mtengenezaji, wakitaka maji ya kuyeyushia. Niliwakatalia.

Kaka Muuguzi
Tabibu, habari ya yule kijana imenigusa, na kweli sisi hatupimi G6PD. Hatuna hata kipimo. Lakini bado hamjajibu kuhusu uchovu. Watu wanapata nafuu. Wengine nawatundikia magneziamu wanasikia joto linapita kifuani, ladha ya vitamini mdomoni, kisha wanakuwa wepesi. Huwezi kuniambia hicho si kitu.

Tabibu wa Tanga
Ni kitu, ila tazama kinatoka wapi. Joto lile ni mishipa inayotanuka kwa magneziamu, na ukiikimbiza dripu presha inashuka na mtu anazimia kitini. Ladha ya vitamini na mkojo wa njano iliyokolea vinaonyesha kuwa dawa imezunguka mwilini na sasa inatoka, havionyeshi kuwa ilihitajika. Zaidi ya hapo, mtu aliyekuwa hajanywa maji ya kutosha amepata nusu lita, na amelala saa nzima bila simu.

Swali lako lilishapimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 34 wenye maumivu sugu ya misuli. Nusu walitundikiwa mchanganyiko maarufu wa magneziamu, kalsiamu, vitamini B na C kila wiki kwa wiki nane, nusu wakatundikiwa maji ya dripu matupu bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Tofauti kati yao haikutosha kusema vitamini ndiyo iliyosaidia. Ni utafiti mdogo, siwezi kuufanya neno la mwisho, lakini unaeleza vizuri unachokiona wewe kila siku.

Na maji yenyewe si ya bure. Nusu lita ya maji ya chumvi ya kawaida ina chumvi gramu nne na nusu, karibu ile yote ambayo mtu mzima anashauriwa asiizidi kwa siku. Mwenye presha, moyo uliochoka au figo dhaifu hapaswi kuitundika kwa sababu ya uchovu tu. Hata "kukojoa tu" si bure, kwa kuwa sehemu ya vitamini C hugeuka oksaleti inayoweza kuganda kwenye figo.

Mama Rahma, Mikocheni
Nashukuru. Mmoja wa wadogo zangu ana kisukari na anajichoma insulini. Hilo linabadilisha chochote?

Tabibu wa Tanga
Linabadilisha sana. Baada ya dripu kubwa ya vitamini C, baadhi ya mashine za kupimia sukari kwenye kidole huisoma vitamini kana kwamba ni sukari. Anaona namba kubwa ambayo si ya kweli, anaongeza insulini, sukari halisi inashuka hadi anapoteza fahamu. Kama ameshawekewa siku hiyo, asiongeze insulini kwa kuangalia mashine peke yake, aende hospitali wapime sukari maabara. Figo zake pia zichunguzwe kabla ya jambo lolote. Na muulize kama wamewahi kumuuliza kuhusu kisukari pale saluni.

Mama Rahma, Mikocheni
Nimempigia sasa hivi. Hawakumuuliza.

Nuru Mfamasia
Kwa hiyo kwangu jibu si kufunga vyote. Ukifunga, dripu zinahamia vyumbani, kwa mtu asiye na hata boksi la adrenalini la kumwokoa mwenye mzio. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, sasa kwa nini saluni iruhusiwe kutundika dripu? Itundikwe kwenye kituo cha afya kilichosajiliwa, daktari akiwa amemwona mtu na kuandika. Teksasi walifika huko baada ya mwanamke mmoja kufariki mwaka 2023 kwa dripu ya chumba cha urembo. Sheria yao ya mwaka 2025 inataka dripu iwe chini ya amri ya daktari, na wanaoweza kuiweka wametajwa.

Tabibu wa Tanga
Hapo tunatofautiana, Nuru. Daktari akilipwa kwa kila dripu ataandika kila dripu. Mimi nataka C ya gramu nyingi na glutathaioni ya urembo zizuiwe kabisa kwa asiye mgonjwa, hata hospitalini. Zile nyingine zibaki kwa masharti yako.

Salma K.
Kipimo cha hiyo G6PD kinafanyika wapi, na mwanamke anahitaji?

Tabibu wa Tanga
Ulizia maabara ya hospitali ya rufaa au ya mkoa. Mwanamke pia anaweza kuwa nao, hasa kama baba au kaka zake wanao. Ila kama umewahi kukojoa mkojo mweusi hivi karibuni, kipimo kinaweza kudanganya: chembe dhaifu zinakuwa zimeshapasuka, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, na majibu yanatoka mazuri. Yule kijana wangu mara ya kwanza yalitoka ya kawaida. Tulirudia baada ya miezi mitatu ndipo tukauona.

Kaka Muuguzi
Kesho namwambia mwenye kituo tusitundike C tena hadi tupate pa kuwapima watu. Najua atanijibu kuwa nitapunguza wateja. Hizo nyingine nitaendelea nazo, Tabibu, kwa sababu bado siamini kwamba ni maji tu.