Mama anataka bi harusi aongezewe mikono pichani. Nimsikilize nani?

Mwenye swali, studio ya picha, Mombasa: Tulipiga picha za kupamba. Gauni la bi harusi halina mikono na nywele ziko wazi, maana ukumbini walikuwa wanawake pekee. Sasa mamake anataka picha kubwa ya kutundika sebuleni: niongeze mikono, nishushe pindo, nimvishe mtandio. Anayelipa ni yeye. Bi harusi hajasema kitu. Nifanye?

Fundi cherehani: Mikono si kazi. Niletee gauni na kitambaa cha rangi ileile, mita moja na nusu yatosha, nikate kwapa upya. Lesi itiwe bitana, la sivyo ngozi itaonekana vilevile.

Mwenye swali: Fundi, harusi imeshapita. Nasema picha.

Kijana wa studio nyingine: Anayelipa ndiye mwenye picha. Fanya, chukua pesa yako.

Mpiga picha mkongwe: Kulipa kunampa nakala, ndugu yangu, hakumpi sura ya mtu. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake, hata kama bili kalipa mamake. Mpigie bi harusi kabla hujafungua faili. Wala usimuulize tu kama anakubali, maana atakwambia ndiyo ili yaishe. Muulize mkono uishie wapi, mtandio aufunge vipi, na picha itakaa wapi. Mimi nilikuwa na bi harusi aliyetaka mikono, ila hina yake ilipanda hadi nusu ya mkono na kaikalia kutwa nzima. Mamake alitaka mkono ufike kwenye kifundo. Tukauishia chini kidogo ya kiwiko, hina ikabaki, na wote wawili wakaichukua picha.

Mama wa mabinti wawili: Mwanangu, msituone wakali. Kupamba ni kwa wanawake, na simu tulizikusanya mlangoni. Sebuleni wanaingia mashemeji, majirani, hata fundi wa bomba. Mama anamsitiri mwanawe. Lakini mbona asitundike ile ya siku ya nikaha, aliyojisitiri mwenyewe?

Mwenye swali: Ya nikaha alifumba macho, shangazi. Ndiyo iliyotuponza.

Aliyeanza kujisitiri ukubwani: Mimi niliomba mwenyewe. Picha yangu ya mahafali ni ya kabla sijaanza kuvaa hijabu, nikaipeleka studio. Nilirudishiwa mtandio wa kung'aa wenye pini tatu, ambao sivai hata Idi, na uso wameung'arisha! Mtandio niliuomba. Uso sikuuomba.

Mpiga picha mkongwe: Pole, dada. Ruhusa ya kitu kimoja si ruhusa ya vyote. Na mwenye swali, bi harusi akikubali, usipake rangi juu ya mkono mtupu, utaonekana kama umechorwa. Mkono wa nguo una unene: huachana na ngozi, hujikunja kiwikoni, huacha kivuli kwenye kifundo. Mvalishe mwenzako kitambaa kinachokaribiana, akae mkao uleule na taa zitoke upande uleule, umpige, kisha uulaze mkono ule kwa `Warp` ya Photoshop na kivuli ukiweke kwenye tabaka la `Multiply`. Pindo usilivute, maua yatarefuka kama ndizi. Nakili kipande cha chini. Mtandio nao ufuate nywele: kama zimefungwa juu, lazima kuwe na mwinuko. Ukikosa kivuli kwenye paji na chini ya kidevu, uso utaonekana umebandikwa. Faili la asili mpe bi harusi, na hiyo mpya usiiweke kwenye ukurasa wa studio.

Kijana wa studio nyingine: Kwa hiyo hata picha ya pasi nimuongezee mtandio mteja akitaka?

Mpiga picha mkongwe: Hiyo hapana, hata akitaka mwenyewe. Picha ya pasi haihaririwi. Aje na mtandio wake, uso uonekane kuanzia kidevuni hadi juu ya paji na pande zote mbili.

Mwenye swali: Nimempigia. Mikono sawa, pindo sawa, mtandio hataki: anasema nywele zile alizisukia siku ile. Mama kasema basi itatundikwa chumbani kwake, si sebuleni. Ila pichani kuna shangazi yake kando, naye mikono wazi, na hajaulizwa.

Mama wa mabinti wawili: Mkate tu huyo, atakasirika wiki moja. Langu ni gumu zaidi. Nina picha ya marehemu mamangu, ya miaka ya sabini, kavaa gauni la magotini, anacheka. Alikufa akiwa wa buibui na ushungi. Ndugu zangu wanataka ashushiwe pindo kabla hatujaitundika. Wa kumuuliza hayupo.

Aliyeanza kujisitiri ukubwani: Aliihifadhi mwenyewe picha hiyo, au mliikuta kwa mtu?

Mama wa mabinti wawili: Kwenye sanduku lake, imefungwa ndani ya leso.