Pichi deki yatosha, au mpaka mpango wa kuandikwa? Mjadala

Athmani wa Mokowe: Jamani nina pichi deki, yaani slaidi 10 za kusimama nazo mbele ya wenye pesa, biashara ya kuuzia wavuvi barafu, niliipichi Mombasa nikashika namba 2. Sasa wenye mkopo wanataka mpango wa biashara wa kuandikwa, kurasa kama 20. Nikopi slaidi moja moja niziwekee aya chini yake au vipi? Na ni haki kweli kutusumbua vijana na makaratasi yote haya?

Omari Malindi: Si haki hata kidogo. Mtu kasimama mbele ya watu kajieleza, maswali kajibu, mashine kaonyesha picha, bado unamwambia akaandike insha?? Mimi huku Malindi nilikuwa na yangu ya kutembeza wageni kwa boti, nikaambiwa hivyo hivyo, nikamlipa jamaa elfu 15 aniandikie. Kaniletea kurasa 34 zimepigwa spairo vizuri, nimefika ofisini yule afisa anafungua ukurasa wa 19 ananiuliza, hizi nyanya za grinihausi zinaingiaje kwa boti? 😂 Jamaa alikopi ya mtu mwingine akabadilisha jina la mbele tu. Pesa sikupata na elfu 15 ikaenda. Kwa hiyo mimi nasema deki itoshe, hayo mengine ni ulaji.

Kombo Fundi: Athmani hiyo kazi ndogo sana mbona, usilipe mtu. Fungua PowerPoint, nenda File > Export > Create Handouts, itajigeuza Wedi yenyewe. Chagua Outline only. Dakika 2 umemaliza.

Athmani wa Mokowe: Nimejaribu kaka Kombo, imetoa ukurasa mmoja na nusu, na maneno niliyoandika ndani ya viboksi hayakuja kabisa.

Kombo Fundi: Aah hiyo outline haichukui teksti boksi, inachukua vichwa na yale maandishi ya kwenye nafasi zake tu. Itabidi uyakopi kwa mkono.

Mama Zuhura Langoni: Kombo mwanangu, hakuuliza faili, ameuliza maneno. Na Omari, pole kwa nyanya, lakini kosa lile si la mpango, ni la aliyeuandika.

Mimi nimekaa kamati ya mikopo ya kikundi chetu miaka kadhaa, nasoma hizi karatasi usiku na miwani yangu, na za kukopi slaidi nazijua kwa aya ya kwanza tu. Deki ni nusu ya maneno, nusu nyingine iko mdomoni mwa mwenyewe. Guy Kawasaki yule wa slaidi 10, dakika 20, maandishi ya saizi 30, alikuwa anataka kukulazimisha usiandike mengi ili uongee. Sasa ukizitoa zile slaidi ukazileta kwangu mimi peke yangu saa 4 za usiku, wewe hupo, nimuulize nani? Ndiyo maana kila namba ya kwenye slaidi ikifika kwenye mpango lazima ije na pale ilipotoka.

Athmani, tuwekee slaidi yako ya soko na ya fedha. Hizo mbili tu. Ya tatizo na ya suluhisho kweli waweza kuzinyoosha zikawa aya, hazina ubishi, kila mtu Lamu ameshaona samaki wameharibika.

Athmani wa Mokowe: Slaidi ya soko: "Maelfu ya wavuvi Kaunti ya Lamu, barafu haitoshi." Slaidi ya fedha: "Mapato shilingi milioni 3.6 mwaka wa kwanza." Ombi: milioni 1.2, yaani mashine 950,000, jenereta 150,000, matangazo 100,000.

Mama Zuhura Langoni: Hiyo 3.6 umeipataje?

Athmani wa Mokowe: Mashine inatoa tani 1 kwa siku, nikagawa kwa magunia ya kilo 40 ni magunia 25, mara 400 kila gunia, ni elfu 10 kwa siku.

Mama Zuhura Langoni: Haya sasa. Hapo ulichoandika ni uwezo wa mashine, mauzo bado hujayagusa. Mashine inaweza kutoa magunia 25 hata kama bandarini hakuna mtu. Kwenye jukwaa Mombasa hakuna aliyekuuliza kwa sababu slaidi ilikuwa juu sekunde 40, ila kwenye mpango sehemu ya soko ikisema "maelfu ya wavuvi" na sehemu ya fedha ikisema 3.6, mimi natafuta daraja kati yake na silioni. Nenda gatini asubuhi wanaporudi, uhesabu vyombo, na usihesabu vyombo vyote, hesabu vyenye pa kuweka barafu.

Athmani wa Mokowe: *(siku 3 baadaye)* Nimerudi. Nimekaa asubuhi 3 mfululizo. Mashua 22 zinashusha samaki hapo ninapotaka kuweka mashine. Zenye kasha la kuhifadhi barafu ni 9 tu, na zaidi ya nusu ya hayo makasha ni mafriza mabovu, yametolewa mota likabaki boksi, wamelifunga kamba katikati ya mashua na kifuniko wamekaza kwa mpira wa baiskeli. Wengine 13 wanavua karibu wanarudi mchana, samaki wanafunikwa gunia la maji basi. Hao 9 wanasema wanachukua magunia 2 kila safari, safari kama 20 kwa mwezi bahari ikiwa nzuri.

Mama Zuhura Langoni: Umeona? 9 mara 2 mara 20 ni magunia 360 kwa mwezi, na wewe ulipiga 750. Hiyo aya uliyoandika hapo juu, ya mafriza mabovu na mipira ya baiskeli, ndiyo sehemu yako ya soko, iweke hivyo hivyo na tarehe ulizokaa. Deki haikuwa na nafasi yake. Na hao 13 usiwaingize kwenye mauzo, waandike kando kuwa wanaweza kuwa wateja siku wakipata makasha.

Na kusi je, upepo ukichafua bahari?

Athmani wa Mokowe: Kusi ikishika, Juni mpaka Agosti, wanasema wanatoka 3, na safari labda 8 kwa mwezi.

Omari Malindi: Hapo si unachukua wastani tu wa mwaka mzima? Juu na chini zinafidiana. Mimi huku msimu wa wageni nafanya hivyo.

Mama Zuhura Langoni: Wastani unakuambia kama mwaka una faida, sawa hapo, lakini mkopo haulipwi kwa mwaka, unalipwa kila mwezi tarehe ile ile. Athmani, gunia linakugharimu ngapi na kila mwezi unalipa nini hata usipouza?

Athmani wa Mokowe: Umeme, maji na gunia lenyewe kama 120. Kijana wa kazi na kodi ya chumba 23,000. Rejesho wameniambia 41,000.

Mama Zuhura Langoni: Basi gunia linakuachia 280. Mwezi wa kaskazi, bahari nzuri, magunia 360, unapata 100,800, ukitoa 64,000 za lazima unabaki na kama elfu 37. Vizuri. Mwezi wa kusi magunia 48, unapata 13,440, za lazima ni zile zile 64,000. Unakosa elfu 50 kila mwezi, miezi 3 ni laki na nusu. Hiyo miezi ya katikati tukisema unauza nusu ya kaskazi, nayo inakosa kidogo, kama elfu 14 kila mmoja.

Sasa turudi kwenye slaidi ya ombi. Pesa wakikupa Juni, utaingia kusi moja kwa moja, mpaka Oktoba inaisha umepungukiwa kama 179,000 kabla kaskazi ya kwanza haijavuma. Wakikupa uanze Novemba, unakusanya miezi 5 mizuri kwanza na kusi unaivuka kwa shida, Septemba ndipo unaanza kuzama kidogo. Mashine ni ile ile na bei ile ile, ila ombi ni tofauti. Kwenye deki uliandika matangazo 100,000, jamani matangazo ya nini kwa mashua 9, si unawaita kwa majina! Hiyo geuza iwe pesa ya kuzungushia, au uombe rejesho dogo miezi ya kusi na kubwa kaskazi, na jedwali la miezi 12 ndilo litakuombea. Na ile tarehe ya kuanza lazima iandikwe.

Shee Mkunguni: Nyote mnazungumza rejesho kama si riba. Kuna njia ya murabaha, benki inanunua mashine yenyewe halafu inakuuzia kwa bei ya juu kidogo mnayokubaliana, unalipa kwa awamu. Mdogo wangu alinunua injini ya boti hivyo.

Mama Zuhura Langoni: Shee hapo umesema kweli na inabadilisha karatasi pia. Murabaha inataka kitu cha kununuliwa, kwa hiyo Athmani utahitaji profoma ya muuzaji yenye aina ya mashine na bei, neno "mashine 950,000" halitoshi. Lakini ile laki na nusu ya kusi si kitu, ni pesa taslimu, murabaha ya mashine haiibebi. Itabidi itoke kwako au kwa ndugu, na useme itatoka wapi.

Kombo Fundi: Na mashine ikifa? Mimi nimetengeneza hizi kompresa, mwaka jana moja ilikaa siku 11 ikingoja spea kutoka Mombasa. Deki yako haina hata neno la fundi, naona timu ni picha 3 na digrii.

Athmani wa Mokowe: Hilo sikuwaza kabisa wallahi.

Mama Zuhura Langoni: Kombo leo umenishinda. Hiyo ni sehemu ya uendeshaji, na deki nyingi hazina slaidi yake kabisa, kwa hiyo anayekopi slaidi moja moja anairuka bila kujua. Maji yanatoka wapi na yana chumvi kiasi gani, umeme ukikatika jenereta inakula lita ngapi, nani anatengeneza, spea inachukua siku ngapi. Siku 11 za Januari ni karibu magunia 130, ziandike. Muhtasari wa mbele uandike mwisho, usianze nao, maana 3.6 yako imeshakuwa kama milioni 1 na kidogo.

Omari Malindi: Milioni 1? Na anaomba 1.2? Sasa huyo si wamemuua na hizo hesabu zenu, angebaki na deki angepata pesa.

Mama Zuhura Langoni: Angepata, na Agosti angekuwa anauza jenereta.

Omari Malindi: Labda. Au angepata wateja wengine, hoteli za Shela, wauza juisi. Nyinyi mnamhesabia mashua tu.

Athmani wa Mokowe: Wauza juisi nimewauliza 4, Ramadhani wanataka sana jioni, miezi mingine gunia moja kwa siku 2. Lakini Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, sijui niiweke mwezi gani kwenye jedwali la mwaka wa pili na wa tatu. Na barafu ya juisi inataka maji ya kunywa, si haya ya kisima. Kombo, chujio la hiyo mashine ni bei gani?

Kombo Fundi: Inategemea chumvi. Niletee maji kwenye chupa kesho nikupimie, usije na ya mvua.