Mrejesho: Tanuru la gesi linalowaka na kuzima

"Wakuu, tanuru letu la gesi la kupasha nyumba joto hapa Minnesota linawaka, sekunde tano moto unazima. Linajaribu mara tatu, kisha linagoma. Nianzie wapi?"

Asanteni sana, ndugu zangu. Mliosema nianze na sensa ya moto, ule ufito unaohisi kama moto umewaka, mlipatia. Nilizima umeme, nikafunga gesi, nikafungua skrubu moja tu na kuchomoa waya. Ule ufito ulikuwa na utando mweupe kama chokaa. Niliusugua taratibu kwa stilwaya laini, si msasa, maana msasa unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu upesi. Ile kauri inayoshikilia ufito sikuigusa. Mita iliyounganishwa kwenye waya wa sensa ilisoma mikroampea 0.5 kabla, na 3.1 baada ya kusafisha. Moto sasa haukatiki baada ya sekunde tano.

Lakini nusu ya tatizo ilibaki: baada ya dakika nane hivi moto ulizima huku feni ikiendelea kuvuma, halafu ukarudi wenyewe. Hiyo siyo sensa tena, ni swichi ya kikomo cha joto, inayokata moto tanuru likipata joto kupita kiasi. Kubadilisha chujio la hewa kulisaidia kidogo tu. Dawa ilikuwa kufungua matundu ya hewa ya vyumba viwili tuliyokuwa tumeyaziba "kuokoa gesi". Tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka ilishuka kutoka nyuzi 76 hadi 57 za Farenhaiti. Kibao cha tanuru kinaruhusu 35 hadi 65.

Aliyeshauri niiruke swichi kwa kipande cha waya, samahani mkuu, hilo sikulifanya. Swichi ilikuwa nzima, ikifanya kazi yake.