Nimeandika tarehe kwa imeili ya wateja wa nje, sasa sijui nani ameelewa nini. Naomba ushauri kabla ya Alhamisi

karani_mdogo: Habarini wakuu. Mimi ni karani kwa kampuni ndogo hapa Industrial Area, tunauza viondo vya mkonge nje. Bosi aliniambia nipange miting ya simu na mteja wa New York na mwingine wa Hamburg, na sapulaya wetu wa Tanga pia aingie. Swali langu ni dogo tu, kwa imeili za watu wa nchi tofauti ni sawa kuandika 12/03 ama 03/12? Nataka nijue iliyo sahihi niendelee na kazi, asanteni.

mzee_wa_kayole: Sahihi ni siku kwanza, halafu mwezi. Hao Wamarekani ndio walikosea, na si tarehe peke yake, hata barabara wanaendesha upande wa pili.

mama_vitenge: Mdogo wangu pole. Mimi tarehe hazijanisumbua, mimi nilisumbuliwa na namba. Nilimwandikia Mjerumani "1,500" nikimaanisha mita elfu moja mia tano za kitambaa, akajibu kwa upole akiuliza kwa nini nataka kumuuzia mita moja na nusu. Kwao koma ndiyo inatenga sehemu ndogo na nukta ndiyo ya maelfu, kinyume na sisi. Tangu siku hiyo naandika 1500 kavu bila alama yoyote. Na pesa naandika KES ama EUR mbele, kwa sababu kuna mtu wa Arusha nilimwandikia "Sh" akalipa za kwao, na shilingi yetu moja ni kama ishirini za huko. Nililia.

karani_mdogo: Asante auntie, lakini mimi ni tarehe tu.

fundi_saa: Karani, tubandikie ulichoandika neno kwa neno. Kuuliza "ipi sahihi" hakutakusaidia, cha muhimu ni aliyeipokea aliisoma vipi. Amejibu?

karani_mdogo: Amejibu ndiyo. Niliandika hivi:

```
Thursday 12/03/2026, 9:00 am EST
```

Nilijua Wamarekani huchanganya ndio maana nikaweka Thursday, kwa hivyo hapo sidhani kuna shida.

fundi_saa: Amejibu nini?

karani_mdogo: Amesema Desemba ni mbali kidogo lakini sawa. Halafu akatuma mwaliko wa kalenda wa tarehe 3 Desemba.

kijana_southb: 😂😂😂 viondo vitakuwa vimeota mizizi

fundi_saa: Na wewe ulifanya nini na huo mwaliko?

karani_mdogo: Niliukubali. Msinicheke, ilikuwa Ijumaa jioni nikabonyeza Yes nikasema nitamrekebisha Jumatatu, Jumatatu bosi alikuwa ofisini siku nzima na sikutaka aone. Bosi anajua miting ni kesho kutwa, na Mjerumani pia anajua ni kesho kutwa. Mpango wangu ni kumwandikia Mmarekani kwamba sistimu yetu ilikuwa na hitilafu na ikabadilisha tarehe, sioni ubaya, hakuna anayeumia.

bi_swafiya: Uongo hauna miguu, mwanangu. Leo sistimu, kesho umeme, keshokutwa utasema ni panya.

kijana_southb: Sasa ngojeni kwanza. Hii hadithi imetungwa. Jamaa anasema aliweka Thursday. Tarehe 12 mwezi wa tatu ni Alhamisi sawa, lakini mwaka una siku 365, iweje na tarehe 3 Desemba ikaangukia Alhamisi hiyo hiyo ndiyo Mmarekani asishtuke? Hapo mtunzi amejisaidia. Tunalishwa.

mzee_wa_kayole: Hata mimi nilinusa kitu. Nani anauza viondo Industrial Area?

karani_mdogo: Ni stoo, duka liko Westlands. Kwani nitoe picha ya imeili na jina la mteja?

fundi_saa: Usitoe picha ya mtu. Southb, fungua kalenda ya simu yako uangalie kabla ya kumwita mtu mwongo. Kutoka 12 Machi hadi 3 Desemba ni siku 266, na 266 ni wiki 38 kamili. Kwa hivyo zinaangukia siku moja kila mwaka, si 2026 peke yake. Ziko jozi zingine hivyo, 9 Mei na 5 Septemba, 11 Julai na 7 Novemba. Mara nyingi jina la siku litakuokoa, mfano 5/3 mwaka huu ni Alhamisi kwetu na Jumapili kwa Mmarekani, angeuliza mara moja. Karani ameangukia jozi mbaya. Dawa ni kuandika mwezi kwa herufi.

kijana_southb: Nimeangalia. Alhamisi zote mbili. Narudisha maneno, lakini bado hiyo ya kubonyeza Yes ni ya ajabu.

karani_mdogo: Sawa, basi namwandikia "ni Alhamisi hii, 12 March, saa ile ile 9 am EST" na imeisha.

fundi_saa: Haijaisha, hapo unaingia shimo la pili. Hiyo saa tatu asubuhi uliipataje?

karani_mdogo: Sisi tuko mbele yao masaa nane. Januari tulipiga nao simu saa kumi na moja jioni kwetu ikawa saa tatu asubuhi kwao, nina hakika, sijakisia.

fundi_saa: Januari ulikuwa sawa. Lakini juzi Jumapili tarehe 8 wamesogeza saa zao mbele, sasa tofauti ni masaa saba. Saa kumi na moja jioni yetu ni saa nne asubuhi kwao. Ukimwandikia 9 am, ataingia saa kumi jioni ya Nairobi akae peke yake saa nzima. Hamburg wao hawajasogeza, wanasogeza tarehe 29, kwa hivyo wiki hii bado ni saa tisa alasiri kwao. Tanga ni saa yetu, huyo usimguse.

mshauri_wa_bure: Mnajichosha, andikeni kila kitu kwa saa ya London halafu kila mtu ajijazie. London ni GMT na sisi ni GMT+3, basi.

fundi_saa: London ni GMT mpaka tarehe 28 usiku tu, nao husogeza. Sema UTC, hiyo haisogei.

mshauri_wa_bure: Lakini EST kwa maana yake halisi ni UTC-5, na 9 am EST ikihesabiwa hivyo ni saa kumi na moja jioni yetu kamili. Karani hajakosea!

fundi_saa: Kwa karatasi, ndiyo. Lakini Wamarekani wengi huandika EST mwaka mzima wakimaanisha saa ya ukutani, na huyu sijui ni wa aina gani. Ndiyo maana naandika jina la mji. Karani, tuma hii, na uongo wa sistimu uuache:

```
Thursday 12 March 2026
10:00 New York / 15:00 Hamburg / 17:00 Nairobi
```

Mwaliko ni wake, mwombe ausogeze mwenyewe. Akisogeza, angalia kalenda yako: ikionyesha 17:00 mko pamoja, ikionyesha 16:00 ujue amebadilisha tarehe akaacha saa tatu yake.

bi_swafiya: Na bosi umwambie.

karani_mdogo: Bosi nitamwambia miting ikiisha vizuri, nikimwambia sasa atanitoa kwa akaunti ya nje na ndiyo niliipigania mwaka mzima. Nimetuma imeili lakini, bila sistimu, nimesema nilikosea kuandika.

mama_vitenge: Na bei uliandikaje huko? Angalia koma.

karani_mdogo: Mteja amejibu! Amesogeza, kwangu inaonyesha 17:00. Shida ni moja, ameongeza bosi kwa mwaliko, na juu ameandika imehamishwa kutoka 3 Desemba. Bosi anapiga simu sasa hivi.

kijana_southb: Pokea bana